Wakorea watatu, wote "Park Sung": ni ndugu au majina yamegongana?

*"Wakuu, kwenye mradi wetu wamekuja mainjinia watatu wa Kikorea: Park Sung-ho, Park Sung-min na Park Sung-jin. Ni ndugu wa tumbo moja? Na hilo Sung ndilo jina lao la kuitwa? Mchina wetu wa stoo anasema hata kwao mambo ni hayohayo. Mwenye kujua atufungue macho."*

Mkuu, nianze na la pili maana ndilo litakalokuponza. Sung si jina la kuitwa. Ukisimama getini ukaita "Bwana Sung!" hageuki mtu, au wanageuka wote watatu. Jina la mtu ni Sung-ho lote kwa pamoja, na Park ni la ukoo, linatangulia.

Haya niliyajua kwa kuumia. Nilisoma Korea miaka miwili, nikarudi nikaajiriwa Dar kushughulikia makaratasi ya wageni: vibali, tiketi, posho. Wakaja Kim wawili, Jae-hwan na Jae-hyun. Pasipoti zao zilitenganisha silabi, JAE HWAN na JAE HYUN, na fomu yetu ilikuwa na nafasi ya jina la kwanza, herufi ya jina la kati, na jina la ukoo. Nikajaza nilivyozoea. Wote wawili wakawa "Jae H. Kim". Posho ya wiki mbili ya watu wawili ikaingia akaunti moja, na mwenzake akaja dirishani kwangu, mpole kabisa, kuuliza kama kampuni imemsahau. Nilikuwa nimekata ile silabi inayowatofautisha nikabakiza ile wanayochangia.

Sasa kwa nini wanachangia? Wakorea huiita silabi hiyo *dolimja*, yaani herufi ya mzunguko. Ukoo hupanga mapema, kizazi kwa kizazi, herufi gani ya Kichina itakaa kwenye majina ya kizazi kipi, na orodha huandikwa kwenye kitabu cha nasaba kiitwacho *jokbo*. Mtoto akizaliwa, nusu ya jina lake imeshaamuliwa kabla hata babu zake hawajazaliwa. Wazazi wanabakiwa na silabi moja tu ya kuchagua.

Chukua familia ya Samsung, majina yao yako hadharani. Mwanzilishi ni Lee Byung-chul. Wanawe wa kiume ni Maeng-hee, Chang-hee na Kun-hee. Umeona hee inavyojirudia mwishoni? Halafu mtoto wa Kun-hee, anayeongoza kampuni sasa, ni Lee Jae-yong, na mtoto wa Maeng-hee ni Lee Jay-hyun wa kampuni ya CJ. Jae-yong na Jay-hyun hawakuzaliwa na baba mmoja. Ni mtu na mtoto wa baba yake mkubwa.

Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko lugha nyingi. Sisi tunajua kwamba mtoto wa baba mkubwa au baba mdogo ni ndugu yako, ila mtoto wa shangazi au mjomba ni binamu. Herufi ya kizazi inafuata mstari huohuo. Watoto wa ndugu wa kiume wanachangia silabi. Mtoto wa shangazi hana, kwa sababu yeye ni wa ukoo wa baba yake. Dada yao kina Kun-hee ni Lee Myung-hee, na mwanawe anaitwa Chung Yong-jin: ukoo mwingine, hana Jae. Na angalia jambo jingine hapo. Myung-hee ni mwanamke na amepewa hee sawa na kaka zake. Lakini dada zake Jae-yong, ambao ni Boo-jin na Seo-hyun, hawana Jae. Wanawake wengine hupewa, wengine huachwa. Zamani kuachwa ndiko kulikuwa kawaida zaidi, kwa sababu nasaba ilihesabiwa kwa wanaume. Kwa hiyo usiseme "huyu hana silabi yao, basi si dada yao".

Umeona pia kwamba hee inakaa mwisho na Jae inakaa mwanzo. Koo nyingi za Korea hupishanisha hivyo: kizazi hiki mwanzo, kinachofuata mwisho. Na herufi zenyewe hazikuokotwa tu. Utaratibu uliozoeleka unafuata asili tano za kale: mti huzaa moto, moto huacha majivu yanayokuwa udongo, udongo huzaa madini, madini huzaa maji, maji hulisha mti, mzunguko unaanza upya. Kila kizazi huchukua herufi yenye alama ya asili yake ndani ya maandishi. Hee ya kina Kun-hee ni 熙. Zile nukta nne chini ni moto. Jae ya wanawe ni 在. Ukiangalia kulia chini utaona 土, udongo. Moto kwanza, udongo baadaye, kama kanuni inavyotaka. Mzee mmoja aliyenipangisha chumba Daegu alinichorea haya kwa kalamu nyuma ya bili ya umeme, akaniuliza mimi ni kizazi cha ngapi katika ukoo wetu. Nikahesabu hadi baba wa babu, nikaishia hapo. Akanitazama kwa huruma.

Turudi kwa wale Park wako. Silabi moja inakwambia wako ngazi moja ya ukoo, *ikiwa* ni ukoo mmoja na *ikiwa* ni herufi moja. Yote mawili ni ya kuuliza.

Ukoo kwanza. Park, Kim na Lee wamejaa Korea nzima, na jina hilo peke yake halitoshi. Kila ukoo unatajwa pamoja na mji ulikoanzia: Park wa Miryang, Kim wa Gimhae, Lee wa Gyeongju. Lee wa Gyeongju na Lee wa Jeonju ni koo mbili, kila ukoo una kitabu chake na orodha yake ya herufi. Halafu ndani ya ukoo mmoja kuna matawi, na matawi mengine yana orodha yao wenyewe. Ukoo mkubwa unaweza kuwa na maelfu ya watu wa kizazi kimoja wenye silabi moja ambao hawajawahi kuonana.

Halafu herufi. Kwa maandishi ya kawaida ya Kikorea, sauti moja inaweza kusimamia herufi nyingi za Kichina. Sung ya huyu inaweza kuwa "kutimiza", ya yule "nyota". Masikioni ni moja, kwenye *jokbo* ni vitu viwili. Na kinyume chake kipo: herufi moja, tahajia mbili. Hao niliokutajia, Jae-yong na Jay-hyun, ni Jae ileile 在, ila kila mmoja anaiandika kivyake kwa herufi za Kirumi. Ukitafuta ndugu kwa kulinganisha tahajia za pasipoti utawakosa ndugu wa kweli na kuwapata wa bahati mbaya.

Kwa hiyo muulize mmoja wao, wakati wa chai, "Wewe ni Park wa wapi?" Swali hilo halina kosa, wazee hasa hulifurahia. Ila vijana wengine watakwambia hawajui herufi yao, au wazazi waliamua kuachana na mambo hayo. Siku hizi wapo wengi wenye majina ya Kikorea tupu, kama Haneul, yaani mbingu, ambayo hayana herufi ya Kichina kabisa. Na wapo wazazi wanaowapa watoto wao wawili silabi moja kwa kupenda mlio tu. Hapo hakuna ukoo ulioulizwa.

Mchina wako wa stoo hajakudanganya, ila kwao utaratibu una sura nyingine. Badala ya asili tano, koo nyingi za Kichina hutunga shairi, na kila neno la shairi ni kizazi kimoja. Silabi ya kizazi mara nyingi hukaa katikati, mara tu baada ya jina la ukoo. Mfano unaojulikana zaidi ni ukoo wa Kong, uzao wa Konfyushasi, yule mwanafalsafa wa kale wa Uchina. Mstari mmoja wa shairi lao unakwenda *ling, de, wei, chui, you*, na hivyo ni vizazi vya 76 hadi 80. Kong Decheng, aliyezaliwa 1920 na kufariki Taiwani 2008, ni wa 77. Baba yake ni Kong Lingyi. Mjukuu wake ni Chuichang, na kitukuu ni Youren, aliyezaliwa 2006. Hawakuruka neno hata moja.

Raha yake ni kwamba ngazi haitazami umri. Kabla ya *ling* shairi lina *xiang*. Kijana wa Kong mwenye Xiang akikutana na mzee wa Kong mwenye De, kwa hesabu ya ukoo kijana ndiye babu. Sisi hatushangai, wengi humu tuna baba mdogo tuliyemzidi umri.

Lakini Uchina nako kanuni huvunjwa. Mao Zedong na wadogo zake Zemin na Zetan wote wana Ze ya kizazi chao. Baba yao, Yichang, alikuwa na Yi. Neno linalofuata katika shairi la Mao wa Shaoshan ni Yuan. Mtoto wa Zemin anaitwa Yuanxin, sawasawa. Ila wana wa Zedong wanajulikana kama Anying na Anqing. Ndugu wa ukoo mmoja, ngazi moja, na majina hayaonyeshi. Baadaye ukaja wakati wa vitabu vya nasaba kuchomwa, kisha sera ya mtoto mmoja, na sasa utawakuta Wachina wengi wenye silabi moja tu baada ya jina la ukoo. Hapo nafasi ya kuweka herufi ya kizazi haipo.

Kwenye fomu zako fanya hivi: PARK kwenye jina la ukoo, SUNGHO au SUNG HO nzima kwenye jina la kwanza, kama pasipoti ilivyoandika, na jina la kati acha wazi. Mfumo ukikulazimisha kufupisha, weka namba ya pasipoti pembeni. Mimi niliongeza safu hiyo siku ileile ya posho, na yule Jae-hwan aliyepewa mara mbili alirudisha hela yote kabla sijamuomba. Nilipomshukuru akasema asingeweza kula hela ya Jae-hyun: wamepishana mwaka mmoja tu, lakini kwenye kitabu chao Jae-hyun ni wa tawi la mtoto wa kwanza.