Memori kadi haisomeki saiba, na simu nayo imebaki bila picha

*Simu yangu ya Android ina GB 16 na kila siku ilikuwa inaniambia nafasi imejaa. Nikanunua memori kadi ya GB 32. Simu iliniuliza maswali, nikakubali, kisha nikahamisha picha na programu zote zilizokubali kuhama. Juzi nimeitoa kadi nikaipeleka saiba hapa Nakuru nichapishiwe picha za nguo ninazoshona. Kompyuta inasema lazima kadi ifomatiwe. Kwenye simu nako picha hazipo, programu nyingine zimetoweka na kamera inakataa kupiga. Je, picha zangu zimepotea? Na nifanyeje ili niweze kuitoa kadi bila haya yote? — Fundi cherehani, Nakuru*

Dada, kabla ya lolote: usifomati. Usikubali kwenye kompyuta, usikubali kwenye simu, na mwambie kijana wa saiba asikusaidie kwa njia hiyo. Kama hakuna aliyeifomati bado, kuna uwezekano mkubwa kwamba picha zako zote zimo ndani ya kadi hiyo.

Zima simu, rudisha kadi mahali pake, kisha washa. Lazima iwe simu ileile. Ipe dakika chache bila kuigusa, kwa sababu inaanza kwa kuitambua kadi halafu inarudisha programu moja baada ya nyingine. Baadaye ingia `Settings`, kisha `Storage`. Ukiiona kadi imeorodheshwa na inaonyesha kwamba sehemu yake kubwa imetumika, mambo ni mazuri. Fungua picha zako uzione. Simu ikisema kadi imeharibika au ikataka uiandae upya, ondoka kwenye ukurasa huo bila kukubali. Zima simu tena, pangusa vibati vya dhahabu vya kadi kwa kitambaa kikavu, uirudishe. Mara nyingi ni kwamba tu haikukaa sawasawa kwenye trei.

Kwenye ukurasa huohuo wa `Storage`, kadi ikiwa nje, utakuta kitufe kilichoandikwa `Forget`. Usikibonyeze. Nitakueleza kwa nini kitufe hicho kidogo ni hatari kuliko vyote.

Siku ulipoiweka kadi mara ya kwanza, simu ilikupa njia mbili: kuitumia kama kadi ya kuhamishika, au kuifanya sehemu ya simu yenyewe. Njia hii ya pili ilikuja na Android 6.0, mwaka 2015, kwa ajili ya simu za nafasi ndogo kama yako. Ukiichagua, simu huifuta kadi, huipanga upya kwa namna yake, kisha kila kinachoandikwa humo hufichwa kwa ufunguo wa siri. Ufunguo huo haumo kwenye kadi. Umo ndani ya simu yako peke yake. Ndiyo maana kompyuta ya saiba, ilipoisoma kadi, haikuona picha wala mafolda. Iliona data isiyoeleweka, na Windows ikikuta hivyo husema:

```
You need to format the disk in drive E: before you can use it.
```

Kompyuta haijagundua ubovu wowote. Haiwezi kusoma, basi inapendekeza kufuta. Ukikubali, hata zile programu za kurejesha picha zilizofutwa hazitakufaa, kwa kuwa hizo hutafuta alama zinazoonyesha mwanzo wa picha, na kwenye kadi iliyofichwa alama hizo hazionekani. Na `Forget` ndiyo inayoiambia simu iutupe ule ufunguo. Ukishatupwa, kadi inaweza kuwa nzima kabisa na picha zimo, lakini hakuna fundi wa Nakuru, Kisumu wala Nairobi atakayezifungua.

Kwa sababu hiyohiyo, simu ikiingia maji ikafa, kadi ya aina hii haiokoi kitu. Hapa Kisumu naletewa simu ambazo mwenyewe ana amani kabisa, anasema, "Fundi, simu iache tu, picha zangu ziko kwenye memori." Namuuliza aliiwekaje siku ya kwanza, na jibu linanihuzunisha. Vivyo hivyo simu ikiflashiwa au ikirudishwa katika hali ya kiwandani: ufunguo unafutika pamoja na mengine. Kabla hujampa fundi yeyote ruhusa ya kuflashi, picha ziwe zimeshatoka.

Sasa, kuhusu vilivyogoma. Picha, video na mafaili uliyopakua vilihamia kwenye kadi, kwa hiyo vilitoka nayo. Kamera iligoma kwa kuwa mahali ilipozoea kuandika pameondoka. Kwenye WhatsApp ujumbe wa maandishi ungeendelea kuuona, kama programu yenyewe imo ndani ya simu, ila picha za zamani zingebaki ukungu usiofunguka. Programu ulizohamisha hutoweka au alama zake huwa kijivu, na hata kadi ikirudi huenda ukalazimika kuzipanga upya kwenye skrini. Kadi ikiwa nje, programu hizo hazilii kengele wala hazileti taarifa. Majina ya watu na meseji za kawaida haviguswi. M-Pesa ya kwenye menyu ya laini na ile ya `*334#` huendelea kama kawaida, maana hizo hazitegemei memori kadi.

Kosa moja ambalo watu hufanya kwa haraka: programu ikitoweka wanaipakua upya kutoka Play Store kadi ikiwa bado nje. Usifanye hivyo. Simu itaihesabu kuwa sasa inakaa ndani, na kadi ikirudi, data ya zamani ya programu hiyo iliyoko kwenye kadi haitambuliki tena, simu huifuta. Kama kuna programu ya daftari unamoandika vipimo vya wateja, hivyo ndivyo vipimo vinavyopotea. Rudisha kadi kwanza, ndipo uangalie nini kimekosekana.

Kwa kazi yako, ushauri wangu ni kuitoa kadi katika mpango huu na kuifanya ya kuhamishika. Programu zikae ndani ya simu, picha zikae kwenye kadi. Kadi itakuwa kitu unachoweza kuchomoa na kupeleka saiba, na programu haitakosa chochote kadi ikiwa nje.

Tuseme kadi ina GB 11 za picha na video, na simu ina GB 4 tu zilizo wazi. Ndani ya `Storage`, ukigusa nafasi ya ndani ya simu, si kadi, na kufungua menyu yake, kuna `Migrate data` ya kurudisha picha ndani ya simu, lakini GB 11 haziingii kwenye 4. Kwa hiyo picha zitoke kwanza kwa njia nyingine, na njia hiyo ni waya wa yuesibii. Kadi iache ndani ya simu. Nenda saiba na flashi diski ya GB 16 au zaidi, unganisha simu na kompyuta, fungua taarifa inayotokea kwenye simu uchague `File transfer`. Simu yenyewe ndiyo inayofungua kile ilichokificha, kwa hiyo kompyuta itaona picha kama picha za kawaida. Hata kama hutabadilisha chochote kingine, hii ndiyo njia ya kuchapisha picha bila kuitoa kadi.

Nakili folda nzima ya `DCIM`, mna picha za kamera. Nakili na hii, mna picha za WhatsApp kwenye simu nyingi za siku hizi:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media
```

Nakili kwa `Copy`, usikate kwa `Cut`. Waya ukicheza katikati ya kukata, picha inaweza kubaki nusu huku na nusu kule. Ukimaliza, fungua picha za mwanzo, za katikati na za mwisho zikiwa kwenye flashi, na ucheze video mbili tatu. Folda mbili zikilingana idadi ya mafaili, umefika.

Baada ya hapo futa kwenye simu zile video na picha nzito ulizokwisha kunakili, hadi kilichobaki kwenye kadi kitoshee ndani ya simu, kisha tumia `Migrate data`. Halafu rudisha programu moja moja: `Settings`, `Apps`, jina la programu, `Storage`, na kitufe cha `Change`. Zisipotosha, ondoa usizozitumia. Majina haya hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, ila mpangilio ni huo. Samsung nyingi hazitoi kabisa ile njia ya kuifanya kadi sehemu ya simu, kwa hiyo mwenye Samsung asishangae kutoiona.

Sasa ndipo unapofomati, na ni ndani ya simu, si saiba: menyu ya kadi, `Format as portable`. Kumbuka jina hilo, maana ndilo linalokuonyesha kadi iko katika hali gani. Menyu ikikupa `Format as portable`, kadi bado ni sehemu ya simu. Ikikupa `Format as internal`, tayari ni ya kuhamishika.

Kamera uiambie ihifadhi kwenye kadi, kwa mipangilio ya kamera yenyewe. Picha za kwenye flashi zirudishe kwenye kadi ukipenda. Na kila ukitaka kuitoa, anza na `Eject` kwenye `Storage`, usubiri simu ikubali, ndipo uchomoe.

Njia hii ina gharama yake, nayo uijue. Kadi ya kuhamishika haijafichwa, kwa hiyo atakayeiokota ataona kila picha iliyomo. Picha ya kitambulisho au ya watoto usiiweke humo. Pia hutaweza tena kuhamishia programu kwenye kadi, isipokuwa kwa simu chache zinazoruhusu, na GB 16 zitakubana. Mimi naona ni afadhali kuishi na programu chache.

Flashi diski usiifute bado. Toa kadi kwa `Eject`, ipeleke saiba ileile, uone kama kompyuta inafungua picha za nguo bila kuomba kufomati. Hata ikifungua, iache flashi na nakala yake nyumbani.