Ampea 30 kwa sekunde ngapi?

Wadogo zangu wa benchi, nimeona tena pakiti ya betri iliyopigiwa hesabu kwa namba ya mkondo iliyo kubwa kuliko zote kwenye karatasi ya data ya seli. Kusema nimeshasema mpaka nimechoka, kwa hiyo sasa naandika.

1. Namba ya mkondo wa mpigo, yaani ule wa sekunde chache tu, haijakamilika mpaka ujue mpigo unadumu sekunde ngapi, seli inapumzika kwa muda gani kabla ya mpigo unaofuata, na ilikuwa na joto gani ilipoanza. Karatasi ikisema "ampea 30" bila hayo, ifanye kama haijasema kitu. Namba iliyochapwa kwenye ganda la seli msiniulize kabisa. Halafu kuna namba za aina ya tatu: seli ya VTC6 ya Sony inapewa ampea 15 mfululizo, na 30 kwa sharti kwamba uzime joto likifika nyuzi 80. Hiyo 30 si ya bure. Bila kihisi joto cha kukata mkondo, seli yako ni ya ampea 15.

2. Joto hufuata mraba wa mkondo: P = I² × R. Mnaijua, mliifanyia mtihani, kisha mkifika benchi mnaiacha mlangoni. Mimi pia niliiacha, na ndiyo sababu nawafokea.

Nilikuwa na pakiti ya 4S1P, yaani seli nne kwa mfuatano, za 18650 za ampea 15 mfululizo na 30 za mpigo. Ilifanya kazi vizuri kwenye drili, nikajiaminisha kwamba nimechagua vizuri. Nikaihamishia kwenye kipulizia vumbi cha wati 300. Hesabu yangu: wati 300 kwa volti 14.4 ni kama ampea 21, na 21 ni chini ya 30. Kwisha.

Sikujiuliza kwa nini drili haikulalamika. Tuseme drili inavuta ampea 30 kwa sekunde 5, halafu fundi anaweka skrubu nyingine kwa sekunde 25. Seli ikiwa na ukinzani wa milioomu 25, wakati wa mpigo inatoa wati 22.5 za joto, lakini ukigawa kwa sekunde zote 30 ni wati 3.75 tu. Ni sawa na kuvuta kama ampea 12 bila kukoma. Angalieni, si ampea 5 ambazo wastani wa kawaida ungewapa. Kwa mraba ule, pigeni wastani wa joto, msipige wa mkondo.

Kipulizia hakipumziki. Tena kinadai wati zilezile volti zikishuka, kwa hiyo pakiti ilipofika volti 12 chini ya mzigo, mkondo ulikuwa umepanda hadi ampea 25. Hapo kila seli inatoa karibu wati 15.6. Seli ina uzito wa kama gramu 46, na kila gramu huhitaji takriban julu moja kupanda nyuzi moja, kwa hiyo joto likikosa pa kutokea unapata nyuzi 20 kila dakika. Nami nilikuwa nimezivika seli plastiki ya kubana, nikaziweka ndani ya boksi lisilo na tundu! Kwa ampea 22 hivi, seli ya ampea-saa 3 huchukua kama dakika 8 kuisha. Nyuzi 80 zinafika mapema zaidi.

Haikuwaka, nashukuru. Ilianza kukata mapema, nikalaumu BMS, ile saketi inayolinda seli, nikaibadilisha, nayo mpya ikakata vilevile. Nilipofungua, plastiki ilikuwa imesinyaa katikati, na seli mbili za ndani ukinzani wake ulikuwa umepanda kuliko wa zile za pembeni. BMS ilikuwa inasema kweli: volti za seli hizo zilikuwa zinazama chini ya mzigo.

Dawa ilikuwa 4S2P, kila seli ikapata mwenzake sambamba. Kila seli inabaki na ampea 12.5, na joto lake linashuka hadi robo, karibu wati 3.9.

3. Tumieni ukinzani wa DC. Ule wa AC wa kilohezi 1 huwa mdogo zaidi, na utawadanganya kwenye hesabu ya joto.

4. Mzigo wa wati zisizobadilika hesabuni kwa volti ya mwisho ya kukata, msitumie volti 3.6 ya kawaida ya seli.

5. Kihisi joto kikae kati ya seli za ndani. Kuna mmoja wenu amekibandika juu ya boksi kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Unajijua. Ongeza waya.

6. Mpigo una kazi yake: motari inapoanza kuzunguka. Hapo angalieni kama volti haizami hadi BMS ikakata, basi. Kikomo cha mkondo cha BMS kiwekeni kwa namba ya mfululizo, na kucheleweshwa kwake kuwe ndani ya sekunde za mpigo zilizoandikwa kwenye karatasi.