Setapu ipi ya tredi niiache?

"Ripoti ya mwezi: brekauti nimeshinda 9 kati ya 14, pulbaki 4 kati ya 11. Niiache pulbaki?"

Usiiache sheikh. Huyo hapo juu anosema tazama ushindi tu yuko sawa nusu, jumlisha R, yaani kile ulohatarisha kwa tredi moja. Kwa skrini ulotuma brekauti ukishinda wapata 0.5R ukipigwa watoa 1R kamili, yaani 4.5 toa 5, umepoteza 0.5R, na pulbaki ushindi wako 2.5R, 10 toa 7, umebaki na 3R. Miye nilishaifuta setapu nzuri hivyohivyo, daftarini baada ya isha nikatazama idadi ya ushindi peke yake. Ila tredi 14 chache, brekauti punguza loti nusu kwanza uone mwezi ujao, na zile ulofunga mapema kwa woga ziandike mbali, huenda setapu haina kosa.