Ziwa Victoria lilipokauka: namna tope linavyosomwa

Swali: Naambiwa Ziwa Victoria liliwahi kukauka kabisa. Hilo limejulikanaje, na hakuna aliyekuwepo akaandika? Kwa nini wasihesabu tu pete za miti yetu ya huku, au barafu ya Kilimanjaro? – *Mwalimu wa jiografia, Nyamagana, Mwanza*

Jibu: Mwalimu, tuanze na miti, maana jibu lake ni fupi. Mti huweka pete moja kwa mwaka pale ambapo kuna msimu mmoja tu unaousimamisha usikue. Mwanza tuna vuli, kisha mvua hupungua Januari na Februari, halafu masika, ndipo kinafuata kiangazi kirefu cha Juni hadi Septemba. Mwaka ambao Januari imekauka sana, mti unaweza kuweka pete mbili. Mwaka ambao vuli imeungana na masika, unaweka moja. Ukihesabu pete mia hujui umehesabu miaka mia au sabini. Mninga umewahi kutumika vizuri Zimbabwe kwa sababu kule mvua zina msimu mmoja. Na hata pete zingekuwa safi, miti yetu haina umri wa kufika huko unakouliza.

Barafu ya Kilimanjaro ilitobolewa mwaka 2000, na mche, yaani nguzo ya barafu iliyotolewa, mrefu kuliko yote ulikuwa na mita 51 hivi. Waliotoboa walikadiria kuwa barafu ya chini kabisa ina miaka kama 11,700, na hata kadirio hilo limebishaniwa. Ziwa lilikauka kabla ya hapo. Linalobaki ni tope la ziwa lenyewe.

Kazi huanza kwa sauti, si kwa bomba la kuchotea tope. Boti hupita ikipiga mlio kuelekea chini na kusikiliza mwangwi. Sauti husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde katika maji, na karibu hivyohivyo katika tope laini, kwa hiyo mwangwi unaochelewa sekunde 0.01 umetoka mita 7.5 chini zaidi (gawanya kwa mbili, maana sauti imekwenda na kurudi). Ziwa Victoria lilipopimwa hivyo, chini ya tope laini ulionekana uso mgumu uliotandaa mpaka sehemu yenye kina kikubwa, karibu mita 70, katikati ya ziwa. Hapo ndipo penye hoja. Kama lingebaki dimbwi, pale katikati tope lingeendelea kutuama bila kukatika, na uso ule mgumu ungeishia kingoni mwa dimbwi. Haukuishia.

Ndiyo maana bomba halishushwi katika Ghuba ya Mwanza kwa swali hili. Tope la ghuba litakuambia tu kwamba maji yalishuka kiasi cha kuiacha ghuba wazi. Ushahidi wa ziwa zima hutoka pale katikati penye kina kikubwa.

Bomba lenyewe hushushwa kwa kamba likiwa na uzito juu na pistoni ndani. Likigusa chini, pistoni husimama palepale na bomba huizunguka likizama, hivyo tope huvutwa na kupanda bila kubanwa. Bila pistoni, msuguano wa kuta hulisukuma tope pembeni: bomba limezama mita sita, mche wa tope uliotoka una mita nne, na huwezi kujua ni tabaka lipi limepotea. Kosa jingine liko juu. Tope la sakafu ya ziwa ni kama uji, na bomba zito hulipeperusha kabla ya kuliingia. Kwa hiyo huchukuliwa pia mche mfupi, kwa bomba jepesi, kisha rangi na tabaka za miche hiyo miwili hulinganishwa mpaka zioane.

Maabara mche hupasuliwa kwa urefu. Nusu moja huhifadhiwa kwenye baridi, nyingine ndiyo hufanyiwa kazi. Uso wake hukwanguliwa kwanza, tena kwa kukata mkingamo wa mche, kamwe si kwa kuvuta kisu toka juu hadi chini, la sivyo unapaka tope la jana juu ya tope la miaka elfu kumi. Sampuli hutolewa katikati, mbali na kuta.

Katika miche iliyoelezwa na Thomas Johnson na wenzake mwaka 1996, tope la juu lilikuwa laini, limejaa maji. Chini yake, ghafla, udongo mgumu wenye maji machache na vizizi vya mimea. Mzizi haukui chini ya mita 70 za maji.

Sasa umri. Kaboni 14 katika mmea uliokufa hupungua nusu kila miaka 5,730. Mabaki ya pale maji yaliporudi yalitoa umri wa kaboni wa miaka kama 12,400, maana yake imebaki zaidi kidogo ya moja ya tano ya kaboni 14 ya mwanzo. Hapa uchafu kidogo unaharibu kazi. Asilimia moja ya kaboni ya leo, labda kutoka ukungu uliomea ndani ya mfuko, itaufanya umri uonekane mdogo kwa karibu miaka 300. Asilimia moja ya kaboni ya kale, isiyobakiwa na kaboni 14 yoyote, itauongeza kwa 80 tu. Kwa hiyo hofu kubwa ni ya uchafu mpya, na sampuli huoshwa kwa asidi, kisha alkali, kisha asidi tena. Kipande cha mkaa wa nyasi kinaaminika kuliko tope lililokorogwa zima.

Miaka hiyo 12,400 bado si ya kalenda. Hewa ya zamani haikuwa na kaboni 14 kwa kiwango kilekile, hivyo saa hii ya kaboni hurekebishwa, na hapo miti uliyoiulizia inarudi: pete za miti ya Ulaya zimeunganishwa mfululizo kwa zaidi ya miaka 12,000. Kwa nyakati za nyuma zaidi, husaidia tope la Ziwa Suigetsu la Japani, lililotuama tabaka moja kila mwaka. Baada ya marekebisho, maji yalirudi ziwani kati ya miaka 14,000 na 15,000 iliyopita. Barafu ya Greenland, ambayo tabaka zake huhesabika mwaka kwa mwaka, inaonyesha joto likipanda ghafla miaka 14,700 hivi iliyopita. Mimi nalitazama hilo kama jambo linaloafikiana na letu, si uthibitisho wa chanzo.

Tarehe hiyo ni ya maji kurudi. Yalipoondoka ni swali gumu zaidi, kwa sababu udongo uliokaa wazi hupeperushwa na upepo, na kurasa za mwanzo wa ukame ndizo zinazochukuliwa. Na usitegemee mche huu ukuambie habari za mwaka mmoja mbaya. Mita nane za tope kwa miaka 15,000 ni nusu milimita kwa mwaka. Kipande cha sentimita moja kimebeba karibu miaka 19, vuli na masika zote zikiwa zimechanganyika.