Jedwali la kuchagua chujio: sifuri mbili zisizolingana

“Ndugu, nalinganisha chujio la maji la mchanga na la nyuzi dhidi ya chujio la chungu, ambalo ndilo msingi wangu: kwa kila kigezo naweka alama ya kujumlisha chujio likiwa bora kuliko chungu, ya kutoa likiwa duni, na sifuri vikilingana. Yote mawili yamepata jumla ya sifuri. Nitengeneze lipi hapa Mwanza?”

Ndugu, usitazame jumla. Tazama alama za kutoa zimeangukia wapi. Chujio la mchanga hupitisha maji haraka kuliko chungu, ambacho hutoa takribani lita 1 hadi 3 kwa saa, na halivunjiki upesi, lakini ni zito, na tabaka lake hai la vijidudu juu ya mchanga huchukua wiki kadhaa kukomaa, kwa hiyo hupoteza alama katika kuondoa bakteria. Kigezo hicho kiondoe kwenye jumla na ukifanye sharti, kwa maana kasi ya kupitisha maji haifidii maji machafu.

Chujio la nyuzi hupoteza kwa vipuri na kwa kuzibwa na mwani wa ziwani. Kuziba kunapunguzika: ongeza ndoo ya kutuamishia maji, kitambaa mdomoni na bomba la kusukumia maji kinyumenyume, kisha uliwekee alama upya kama wazo jipya. Hatimaye lifanye wazo hilo kuwa msingi, urudie jedwali. Mpangilio ukigeuka, huenda vigezo vyako havijaelezwa kwa vipimo.