Usitoe miaka 10 kwenye tarehe ya kuisha

"Nina skrinishoti ya pasipoti ya mteja, najaza fomu ya usajili. Tarehe ya kutolewa imefunikwa na upau wa chini wa simu, na tarakimu moja ya tarehe ya kuzaliwa ina ukungu. Mfumo haukubali nafasi tupu. Nikitoa miaka 10 kwenye tarehe ya kuisha, si ndiyo tarehe ya kutolewa?"

Hapana! Acha kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma. Hesabu hiyo na mimi nilifundishwa na mkuu wa zamu aliyejiamini kupita kiasi, na hadi leo nina hasira naye, kwa sababu inatoa jibu linalofanana kabisa na jibu sahihi.

Pasipoti haziishi miaka 10 zote. Za watoto katika nchi nyingi ni miaka 5, na za dharura ni fupi zaidi. Hata kwa zile za miaka 10, nchi nyingine huandika kuwa inaisha siku moja kabla ya kutimia miaka hiyo, hivyo ukitoa 10 unakosea kwa siku moja. Uingereza hadi 2018 ilikuwa ikihamishia kwenye pasipoti mpya miezi iliyobaki ya ile ya zamani, hadi miezi 9. Kosa la siku moja halionekani kwa macho, lakini mfumo unaolinganisha fomu na kumbukumbu za aliyeitoa pasipoti utaikataa. Na ikishakataliwa, hakuna anayejua ni sehemu gani ulikisia, kwa hiyo fomu nzima inarudiwa. Ungeiwekea nafasi hiyo alama kwamba haionekani, ingemalizwa kwa ujumbe mmoja kwa mteja.

Kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, ile yenye alama za <, tarehe ya kutolewa haimo kabisa. Mahali pa kuzaliwa napo hapamo. Usipoteze muda kuvitafuta huko. Tarehe ya kuzaliwa na ya kuisha ndizo zimo, na hapo ndipo ukungu wako unatibika. Huu ni mstari wa pili wa pasipoti ya mfano ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga linaloweka viwango vya pasipoti, kwenye mwongozo wake Doc 9303:

```
L898902C36UTO7408122F1204159ZE184226B<<<<<10
```

Herufi ya 14 hadi ya 19 ni tarehe ya kuzaliwa, ikianza na mwaka: 740812, yaani 12 Agosti 1974. Ya 20, hiyo 2, ni tarakimu ya uhakiki. Tuseme ile 8 ina ukungu, hujui kama ni 8, 6 au 3. Zidisha tarakimu moja moja kwa 7, 3, 1, 7, 3, 1, jumlisha, kisha tazama tarakimu ya mwisho ya jumla:

```
8: 49+12+0+56+3+2 = 122 -> 2
6: 49+12+0+42+3+2 = 108 -> 8
3: 49+12+0+21+3+2 =  87 -> 7
```

Ni 8 peke yake inayotoa 2. Hapo hujakisia, umethibitisha, ilimradi ile tarakimu ya uhakiki inasomeka vizuri. Zikiwa tarakimu mbili zenye ukungu, majibu yanaweza kuwa zaidi ya moja, basi iwekee alama kama nyingine. Na mwaka una tarakimu mbili tu: 12 inaweza kuwa 1912 au 2012, hivyo karne itazame juu, kwenye maandishi ya kawaida. Jina pia lichukue juu, kwa kuwa kwenye mistari ile lina nafasi 39 tu na jina refu hukatwa.

Alama zenyewe usiziandike zote "hakuna". Andika HAIONEKANI kwa kilichofunikwa au kukatwa, HAISOMEKI kwa kilichopo chenye ukungu, na HAIMO kwa kile ambacho hati hiyo haikibebi. Viwili vya kwanza vinahitaji picha nyingine. Cha tatu kinahitaji hati nyingine, na ukivichanganya mteja atakutumia picha ileile mara tatu.

Mfumo ukikataa nafasi tupu, hifadhi fomu kama rasimu. Usiweke 01/01/1900 wala tarehe ya leo, maana kwa msomaji wa baadaye hiyo ni tarehe kama tarehe nyingine. Kisha mwandikie mteja hivi: "Naomba picha ya ukurasa mzima wa pasipoti, pembe zote 4 zionekane, bila mwako wa taa. Itume kama faili, si skrinishoti. Kinachokosekana ni tarehe ya kutolewa."