Pampu inazunguka, maji haba: pima kisima kabla hujang'oa bomba

Ukiitwa kwenye kisima kirefu kinachotoa maji kidogo, utawakuta wenye kisima wameshaamua ugonjwa. Mmoja atakwambia pampu imechoka, mwingine atasema maji ya ardhini yamekauka. Usimbishie mtu, na usifunge tripodi. Kung'oa bomba la mita 60 ni kazi ya siku nzima na watu kadhaa, na ukishaitoa pampu umejinyima nafasi ya kupima chochote. Vipimo vinavyotenganisha maji yaliyoshuka, impela zilizolika na chujio lililoziba hufanyika pampu ikiwa chini, ikizunguka.

Kabla ya yote tafuta taarifa ya uchimbaji wa kisima. Hapo utapata kina cha maji kisima kikiwa kimepumzika, kina cha maji pampu ikifanya kazi, na kiasi cha maji kilichotoka siku ya majaribio. Mwenye kisima akiwa ameipoteza, muulize mchimbaji, au ofisi ya maji ya bonde husika kama ni Tanzania. Tafuta pia karatasi ya pampu yenye mchoro wa uwezo wake. Bila karatasi hizi mbili utakuwa unapima vizuri lakini huna cha kulinganisha nacho.

Tuchukue kisima cha shule chenye kina cha mita 90, bomba la kisima la inchi 6, pampu ya inchi 4 imening'inizwa mita 66. Taarifa inasema maji yalilala mita 28 kutoka juu. Pampu ilipotoa lita 4,500 kwa saa yalishuka hadi mita 46 yakatulia. Sasa shule inalalamika kwamba tangi halijai.

Anza kwa kupima maji yanayotoka, tena pale pale kichwani mwa kisima. Fungua kiungo cha bomba linaloelekea tangini, uelekeze maji kwenye pipa la lita 200. Kwa kasi ya zamani pipa lilipaswa kujaa kwa sekunde 160. Hapa limechukua sekunde 300, yaani lita 2,400 kwa saa. Kama lingejaa kwa wakati wake, basi kisima na pampu ni wazima na maji yanapotelea njiani: mita ya maji imeziba, valvu ya tangi imekwama, au bomba limepasuka chini ya udongo. Kwa pampu ya sola pima mchana jua likiwa wazi kabisa. Asubuhi au wingu likipita, pampu nzima itaonekana mgonjwa. Na kama ni pampu ya umeme wa fezi tatu iliyoanza kusumbua mara baada ya mtu kugusa nyaya, badilisha nafasi ya fezi mbili kwanza, umeme ukiwa umezimwa. Pampu inayozunguka kinyume hutoa maji, ila kidogo na kwa presha ndogo.

Sasa kina cha maji. Kisima kilichojengwa vizuri kina kibomba chembamba cha kupimia kando ya bomba kubwa, na humo unateremsha waya wa kupimia hadi ulie ukigusa maji. Kisipokuwepo, usiuteremshe waya ovyo kati ya kebo na bomba. Ukijiviringisha huko utalazimika kung'oa kila kitu. Wengine huacha mpira mwembamba wa plastiki uliofungwa kwenye bomba tangu siku ya kufunga pampu, urefu wake ukijulikana. Huo unatosha. Unganisha geji na pampu ya baiskeli, jaza hewa hadi sindano igome kupanda. Hapo hewa imeyasukuma maji yote nje ya mpira, na geji inakuonyesha kimo cha maji juu ya ncha ya mpira. Baa 1 ni mita 10.2 za maji.

Mpira wa kisima chetu unaishia mita 64. Asubuhi, baada ya kisima kupumzika usiku kucha, geji imesoma baa 3.2. Hizo ni mita 32.6 za maji juu ya ncha, kwa hiyo maji yamelala mita 31.4. Kisha pampu imewashwa, na kila baada ya dakika kumi kipimo kinarudiwa mpaka maji yakatulia kwenye baa 2.3, yaani mita 40.5. Usikimbilie kusoma mara moja tu baada ya kuwasha, kwa maana maji bado yanashuka na utadanganyika.

Gawanya maji yanayotoka kwa mita yaliyoshuka. Siku ya majaribio maji yalishuka mita 18 kwa lita 4,500, sawa na lita 250 kwa kila mita. Leo yameshuka mita 9.1 kwa lita 2,400, karibu lita 260 kwa kila mita. Kwa usahihi wa geji ya kawaida hizo ni namba sawa. Kisima hakina kosa: kinaachia maji kwa urahisi ule ule wa zamani. Maji yaliyolala yameshuka mita tatu na ushei, lakini yakivutwa yanaishia mita 40.5, juu zaidi ya mita 46 za zamani, na pampu ipo mita 66. Aliyesema maji yamekauka amekosea.

Kama chujio la kisima, lile lililo kwenye bomba lililozama ardhini, lingekuwa limeziba, ungeona picha tofauti kabisa. Maji yangelala pale pale mita 28 au karibu yake, kwa sababu kisima kikipumzika hata tundu dogo linatosha kuyasawazisha. Lakini ukiwasha pampu yangeporomoka, tuseme hadi mita 66 kwa lita zile zile 2,400. Hapo ni lita 63 tu kwa kila mita. Kinachoziba mara nyingi ni ute wa bakteria wa chuma, ambao hupaka bomba na tangi rangi ya kutu, au chokaa iliyoganda, au mchanga laini. Dawa ni kusugua na kusukasuka kisima kwa hewa ya kompresa, pengine na asidi au klorini kwa mtu anayezijua. Asidi na klorini hazikutanishwi kisimani hata siku moja, maana hutoa gesi inayoua. Kuweka pampu kubwa zaidi kwenye kisima cha namna hii ni kuongeza ugonjwa, kwani maji yatashuka haraka zaidi.

Maji ya ardhini yakiwa yameshuka kweli, kipimo cha asubuhi ndicho kinachosema. Yangelala, kwa mfano, mita 56. Kati ya hapo na mdomo wa pampu zimebaki mita 10, na kwa lita 250 kwa kila mita kisima hakiwezi kutoa zaidi ya lita 2,500 kwa saa. Pampu itaanza kunywa hewa: maji yanatoka kwa mikupuo na povu jeupe, na ampia kwenye klampu mita zinacheza juu na chini. Izime. Kisha ibane kwa valvu mpaka maji yatulie juu ya mdomo wake, au ishushe kama chini kuna nafasi na mahali pasipo na chujio. Kwenye miamba, kama ilivyo sehemu nyingi za Dodoma na Singida, kuna mtego hapa. Maji huingia kupitia nyufa chache, na yakishuka chini ya ufa mmojawapo, lita kwa kila mita nazo hupungua kana kwamba chujio limeziba. Kitakachokutoa kwenye utata ni kina cha maji yaliyolala. Likiziba chujio, hicho hakibadiliki sana.

Kisima chetu kimeshatoka kwenye kesi. Waliobaki ni pampu na bomba lake, na kwa hao kuna jaribio moja: funga valvu, usome presha. Geji ikae kati ya kisima na valvu. Hakikisha kwanza bomba linahimili presha yote ya pampu. Tena kumbuka, jaribio hili ni la pampu ya impela tu. Pampu ya skrubu, ambayo imeenea kwenye mitambo midogo ya sola, ukiifungia valvu itapasua bomba au itajiharibu yenyewe. Na hata ya impela usiifungie zaidi ya dakika moja, kwa sababu mota yake hupozwa na maji yanayopita.

Karatasi ya pampu hii inasema valvu ikifungwa itasukuma maji mita 100 kwenda juu. Tumefunga, geji imesimama baa 3.9, sawa na mita 39.8. Wakati huo huo mpira wa hewa umesoma baa 2.6, maana maji yameanza kupanda kisimani, yapo mita 37.5. Jumla ni mita 77. Pampu nzima ingeonyesha baa 6.1 pale juu. Mita 23 zimepotea.

Hapa ndipo wengi wanaharakisha kuhukumu impela. Bomba linalovuja chini nalo hushusha presha. Kwa hiyo zima pampu huku valvu ya juu ikiwa bado imefungwa, uitazame sindano. Ikianguka mara moja, bomba limetoboka au valvu ya kuzuia maji kurudi imekufa. Ikishuka polepole mno au ikibaki, bomba ni zima. Soma na ampia pia: bomba likivuja, pampu inafanya kazi yake yote na ampia hubaki za kawaida au hupanda kidogo, impela zikilika, aghalabu ampia hupungua. Kwetu sindano imebaki, ampia zimepungua. Ni impela.

Lakini geji ingesoma baa 6.1 huku maji yakiwa yale yale lita 2,400, impela zingekuwa salama na kichujio kwenye mdomo wa pampu ndicho kingeshukiwa. Valvu ikiwa imefungwa maji hayapiti kwenye kichujio, kwa hiyo kuziba kwake hakuonekani kwenye presha. Kunaonekana tu ukifungua. Hiki ndicho kipimo kinachookoa pampu nyingi zinazotupwa zikiwa nzima, kwa kuwa kusugua kichujio ni kazi ya nusu saa pampu ikishatoka.

Impela hulika kwa mchanga. Mwanya kati ya shingo ya impela na pete yake unapanuka, maji yaliyokwisha kusukumwa yanarudi nyuma kupitia hapo, na kila hatua ya pampu inapoteza kidogo. Pampu ikitoka, shika shafti uivute juu na chini. Mchezo mkubwa unaonekana kwa macho, na shingo za impela zitakuwa na mikwaruzo ya mviringo. Kabla hujafunga nyingine, jaza ndoo nyeupe maji ya dakika za kwanza baada ya kuwasha, uyazungushe kwa mkono, uache yatulie. Mchanga ukijikusanya katikati, funga pampu mpya ukiwa umebana valvu hadi maji yatoke safi, hata kama ni lita 3,500 badala ya 4,500. Mchanga huvutwa na kasi ya maji yanayoingia kupitia chujio, na pampu utakayoiachia ivute kwa nguvu zote italika kama iliyotangulia.